Hotuba Iliyosubiri Vijiko

Tabasamu alipokwenda kumtaka Vioo awe mpambe wake siku ya harusi, hakwenda kama mtu anayeomba. Alikwenda kama mtu anayeazima nyundo. Aliingia karakana mchana kweupe, akapita katikati ya vumbi la jiwe la kunolea kingo, akaegemea meza ya kukatia vioo na suti yake ya kuuzia bima, akasema:

"Kaka, mpambe ni wewe. Hilo halina mjadala. Kazi iko kwenye hotuba."

Vioo alikuwa ameinamia kioo cha dirisha la duka, kalamu ya almasi mkononi. Hakuinua kichwa. Kioo ukikianza hukiachi katikati, na Tabasamu alijua hilo tangu walipokuwa wanalala chumba kimoja.

"Hotuba ina nini?"

"Washikaji wanataka meme. Wamezoea, si unajua kundi letu lilivyo, bila meme wataona umewasomea taarifa ya habari. Lakini upande wa mke wangu ni wazee watupu. Baba mkwe ni dereva wa treni mstaafu, tangu tujuane hajanichekea hata siku moja. Anaona mimi ni mdomo mtupu. Wazee wakikaa pale wanatazamana huku vijana wanajigalagaza, nimekwisha. Nataka wote wacheke. Wote."

Vioo akavuta mstari wake hadi mwisho, akagonga kioo kidogo kwa chini, kikaachana vipande viwili bila kelele.

"Nitumie picha za zamani," akasema. "Nione tulipotoka."

"Nakutumia zote. Zimo humo humo, chagua mwenyewe. Mimi sina muda wa kuchambua."

Hilo ndilo kosa alilolifanya Tabasamu, na ni kosa la watu wanaohifadhi kila kitu na kutokumbuka chochote.

Sasa inabidi nieleze jambo moja kuhusu Vioo. Alikuwa stika. Simu nyingi za rika lake zilikuwa naye ndani. Alikuwa uso wa mtu mashavu yamejaa mkate, macho yamefumba, machozi yanatiririka, mdomo umefunguka kwa kilio na tonge linaonekana. Mlia Mkate. Mtu akipata mshahara na siku hiyo hiyo ukaisha, anatuma Mlia Mkate. Mtu akipata mchumba mwenye makelele, Mlia Mkate. Kuna waliomtambua njiani wakamwomba awarudie ile sura wapige naye picha. Alicheka nao. Ungefanyaje? Ukinuna kwa ajili ya stika unatengenezewa nyingine ya kununa.

Wachache sana walijua picha ile ilikatwa kutoka wapi. Ilikatwa kutoka kwenye mazishi ya mama yake. Aliyeikata alifuta viti, akafuta watu na kila kilichokuwa nyuma, akabakiza uso. Kati ya marafiki zake wote, Tabasamu peke yake ndiye aliyesafiri naye kwenda kuzika. Na stika ilipoanza kuenea, Tabasamu ndiye aliyekaa naye kumtafuta mhalifu. "Ni wale vijana wa jirani," alimwambia huku amekunja ngumi. "Nikimpata mmoja wao, atanitambua."

Siku picha zilipoingia, Vioo alikaa kwenye benchi wakati wa chakula, akaanza kuzipitisha. Tabasamu na pikipiki ya kuazima. Tabasamu na mwanamke aliyemwacha. Halafu video fupi isiyo na jina. Akaigusa.

Viti vya kukodi. Wanawake wanapita na masufuria. Mkono wa shangazi yake unaingia kutoka pembeni na kipande cha mkate, na sauti ya shangazi inasema, "Kula, mwanangu, kula hata kidogo tu." Akajiona anauma. Akajiona uso unavunjika. Halafu nyuma ya simu, karibu kabisa na simu, sauti nyingine ikinong'ona: "Subiri, subiri, usimsemeshe... sasa! Kafungua mdomo! Hahaha, jamani, tazama!"

Kicheko kile alikijua kama anavyojua mlio wa mlango wa kwao.

Hakuvunja kitu. Mwenzake wa meza, fundi waliyemwita Mrefu, alisema baadaye kwamba alirudi kazini akakata kioo cha bafu sawasawa kabisa, ila alikuwa anakitazama kama kimemtukana. Kumpiga Tabasamu? Angevimba, angepona, angesimulia yeye ndiye aliyeonewa. Kumwanika kwenye kundi la simu? Vijana wangecheka, wangeongeza maneno juu, mambo yangeishia hapo. Vijana walishaicheka picha ile mpaka ikafa ganzi machoni mwao. Watu pekee duniani ambao bado wangeweza kuiona ni wale ambao hawajawahi kuichekea.

Wazee.

Basi Vioo akaanza kuiandika hotuba, na aliiandika kwa bidii ambayo hajawahi kuiweka kwenye kitu chochote kisicho na kingo.

Kwanza alimwendea Mrefu, aliyekuwa hatoki kwenye simu. Akamwekea meme zake mezani moja moja. Mrefu akazipepeta bila huruma.

"Hii imeoza. Ukiitaja hii vijana watajua umri wako. Hii ya mwanamume anayegeuka kumtazama mwanamke mwingine kila mtu anaijua, lakini mbele ya bibi harusi? Una kichaa? Hii ya mbuzi, sawa. Mbuzi hachoshi."

Mbuzi mwenyewe alikuwa amepandia gari la watu, amesimama juu ya paa, anatazama mbali kama amelinunua yeye.

Kisha akampelekea shangazi yake. Shangazi alikuwa mshona mapazia, mjane, mkali wa macho, na hakuwa na simu ya kupapasa. Alikuwa na ile ya vitufe na aliizima akimaliza kuongea. Alimkuta anapinda kitambaa kwenye cherehani.

"Shangazi, nikikwambia kichekesho ukakielewa, gonga meza kwa mkasi. Usipoelewa, usigonge. Usinionee haya."

"Nikuonee haya wewe niliyekuogesha?"

Akamwonyesha mbuzi. Shangazi akaitazama picha.

"Mbuzi kapanda gari," akasema. "Haya. Halafu?"

"Ndiyo hivyo. Watu wanacheka."

"Wanacheka mbuzi?"

"Wanaandika maneno juu yake. Kwamba mtu kabanwa, lakini anajifanya mwenye mali."

"Mtu gani?"

Shangazi akarudi kwenye upindo wake.

"Mwanangu, mbuzi hana kosa. Niambie kwanza nani alibanwa, wapi, na nani alimkuta. Nikishamwona huyo mtu, ndipo uniletee mbuzi. Ukinianzia na mbuzi nakaa namfukuza mbuzi peke yangu huku wenzangu washacheka wamemaliza. Nitajiona mjinga, na nikijiona mjinga nachukia."

Akamsimulia basi siku Tabasamu alipokimbizwa na mbwa wa jirani wa ofisini akapanda juu ya gari la bosi wake, na bosi akatokea. Akamaliza kwa mbuzi. Akanyamaza hapo, bila kuongeza neno. Mkasi ukagonga meza mara tatu, na shangazi akacheka mpaka akatoa mguu kwenye kanyagio.

Hapo Vioo akaipata kanuni. Kwanza tukio, mtu akiwa mtu na mahali pakiwa mahali. Halafu picha, kwa maneno machache. Halafu kimya. Kijana atacheka kwa kuitambua picha, mzee atacheka kwa kumtambua mtu, na vicheko viwili vitakutana dakika ile ile. Ukieleza baada ya kicheko, umemzika marehemu mara mbili. Na meme zisizidi tatu, maana mzee akifuata ya nne anaanza kukumbuka mgongo wake.

Nyingi akazitupa. Akabakiza mbili, na ya tatu hakumwonyesha mtu.

Kwa Tabasamu akapiga simu. "Nina wazo. Mimi nitasimulia kwa lugha ya vijana, wewe utakuwa mkalimani. Kila meme nikiitaja, unainuka unawafafanulia wakwe zako. Wao wakielewa wanagonga glasi kwa kijiko. Hatuendelei mpaka meza za wazee zimegonga."

Upande wa pili kikatoka kicheko. Kicheko kile kile.

"Kaka, wewe ni fundi! Mzee wa treni aone mkwe wake ana ulimi! Mwite mshereheshaji, tukubaliane naye."

Vioo akazungumza na mshereheshaji. Alitaka wazee wahamishwe kutoka nyuma, walikopangwa karibu na maspika makubwa yanayowapasua masikio bila kuwafikishia neno, wakae mbele kabisa. Alitaka muziki ufe kabisa wakati wa hotuba, usibaki ule wa chini chini. Skrini aliikataa. Aliukagua ukumbi mwenyewe, akaona madirisha yote yanatazama jua la alasiri. Picha yoyote ya ukutani ingekuwa ukungu mtupu. Lakini sababu ya kweli haikuwa jua. Picha ukiionyesha, watu wanaitazama picha. Ukiisema, wanamtazama anayeisema.

Siku mbili tatu kabla ya harusi bibi harusi alipita karakana. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtulivu, chaki haikumtoka vidoleni hata siku za mapumziko. Alisimama mlangoni ili asikatwe na vipande.

"Shemeji, najua una mambo mengi. Nina ombi dogo. Bibi yangu ndiye aliyenilea. Siku hizi hacheki ovyo. Mfanye acheke, tafadhali."

"Atacheka," Vioo akasema. Huyu hakuwa na hatia. Alikaa na wazo hilo mpaka jioni, akaligeuza kama unavyokigeuza kioo kutafuta ufa. Kisha akaifungua tena ile video, akasikia tena *sasa! kafungua mdomo!*, na wazo likaondoka lenyewe.

Alasiri ya harusi ukumbi ulikuwa umejaa. Vijana walikaa kwenye meza za ukutani, simu zimelala kando ya sahani kama vijiko vingine. Mbele walikaa wazee: baba mkwe na mabega yake mapana ya mtu aliyevuta mabehewa maisha yake yote, Bibi yake bibi harusi, mdogo kama ndege kwenye kiti kikubwa, shangazi yake Vioo, mshona mapazia, aliyealikwa kama mama wa mpambe, na wengine wa rika lao. Tabasamu alikaa meza ya juu na mkewe. Jina lake lilimfaa siku ile kuliko siku zote.

Vioo akachukua kipaza sauti, akakishika chini ya kidevu, si mbele ya meno kama wanavyofanya watu mpaka sauti inapasuka.

"Wazee wangu, shikamooni."

"Marahaba!"

"Vijana, mambo?"

"Poaaa!"

"Leo nitaongea lugha ya vijana, lakini mzee asiyeelewa ndiye bosi wangu. Kila mzee ana kijiko. Nikisema kitu, bwana harusi atawafafanulia. Mkielewa, gongeni glasi. Msipogonga, sisogei. Hata keki ikauke. Tumekubaliana?"

Vijiko vikalia kwa majaribio. Bibi akagonga mara nyingi kuliko wote, akaonekana amependa mlio.

Akaanza na mbwa. Akamtoa mbwa kwenye geti, akamkimbiza Tabasamu kuzunguka bustani ya ofisi, viatu vya kupakwa rangi vikiteleza kwenye majani, akampandisha juu ya gari la bosi. "Bosi katoka na chai mkononi. Kasimama. Kamwuliza, 'Kijana, unafanya nini juu ya gari langu?' Bwana harusi wetu, suruali imechanika huku, kajiweka sawa, katazama mbali, kamjibu: 'Nakagua rangi, mzee.' Vijana, huyo ni nani?"

"Mbuzi wa paaa!" ukuta mzima ukalia.

"Mkalimani!"

Tabasamu akainuka, akafunga kifungo cha koti. "Wazee wangu, ipo picha ya mbuzi kapanda gari la watu, kasimama kama mwenye gari. Siku hizi mtu akibanwa akajifanya mkubwa, tunamwita Mbuzi wa Paa."

Bibi akainua shingo. "Kwa hiyo mbuzi ni wewe?"

"Ni mimi, Bibi."

Vijiko vikamwagika. Bibi akacheka bila sauti, mabega yakiruka, akajifuta macho kwa kitambaa cha mezani. Bibi harusi akamtazama Vioo kwa shukrani iliyomfanya Vioo aangalie pembeni.

Akaja ya pili. Akasimulia siku Tabasamu alipokutana na mwalimu wa hesabu kwenye foleni ya benki, na mwalimu akamwuliza swali jepesi tu: unafanya kazi gani? "Huyu, anayeuza bima kwa watu wasioitaka, anayeweza kumwuzia samaki mwavuli! Kafungua mdomo. Hakuna kitu. Katazama dari. Hakuna kitu. Vijana, alikuwa anafanya nini?"

"Duara linazungukaaa!"

Tabasamu akachora duara hewani kwa kidole. "Wazee, simu ikikwama mtandao, kioo kinaweka kiduara, kinazunguka, kinazunguka, kitu hakiji. Ndivyo nilivyokuwa mbele ya binti yenu."

Hapo kikatokea kitu ambacho hata Vioo hakukipanga. Baba mkwe akaegemea mbele, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini:

"Sema hivi: treni iko kituoni, mvuke umejaa, ishara haijashuka!"

Ukumbi ukalipuka. Wazee waligonga glasi kabla ya vijana kuelewa, na safari hii vijana ndio waliofafanuliwa kwamba treni haiondoki mpaka ishara ya reli ishuke. Mzee wa treni alicheka, akampungia mkwe wake mkono mpana. Tabasamu alibaki amesimama katikati ya makofi, ameinua mikono kama mfungaji goli. Alikuwa juu kuliko alivyowahi kuwa.

Vioo akasubiri kelele ziishe. Akasubiri kidogo zaidi.

"Ya mwisho," akasema. "Hii haina hadithi. Hii naanza na picha."

Akajaza mashavu hewa. Akafumba macho. Akaukunja uso wake mwenyewe kama alivyoombwa aukunje mara nyingi njiani, akafungua mdomo.

Vijana wakaanguka. Mmoja akapiga meza, mwingine akainua simu yake yenye stika ile ile, wakapaza sauti pamoja: "Mlia Mkateee!"

Wazee wakatazama huku na huku wakitabasamu kwa adabu, vijiko vimeinuliwa tayari.

"Mkalimani," Vioo akasema.

Tabasamu akainuka. Safari hii hakufunga koti.

"Aa, wazee, hii ni stika tu. Kuna jamaa, yaani ni huyu huyu mpambe wangu, alipigwa picha anakula mkate huku analia. Basi mtu akipata kitu lakini hana raha nacho, tunaituma. Ni utani. Haya, tugongeni, keki inatungoja!"

Kijiko kimoja kikagonga upande wa kulia, kikajisikia kiko peke yake, kikanyamaza.

Bibi alishika kijiko chake hewani. "Analia nini?"

"Analia tu, Bibi. Ndiyo kichekesho."

"Mbuzi ulitwambia kapandaje gari. Mbwa tukamwona. Huyu analia nini?"

"Sijui, Bibi. Zamani hiyo."

Vioo alishusha kipaza sauti mpaka usawa wa kiuno, akasimama kama mtu anayesubiri gundi ishike. Mshereheshaji akakohoa. Akapiga hatua mbele, akakutana na jicho la baba mkwe, akarudi.

"Tulikubaliana," baba mkwe akasema. "Hatuendi mpaka tuelewe. Mama yangu bado hajaelewa. Eleza, mkwe."

"Mzee, nimeshasema, ni—"

"Mkate huo niliutoa mimi."

Alikuwa shangazi. Alisimama polepole, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti. Hakuwa anamwangalia Tabasamu. Alikuwa anamwangalia Vioo usoni, pale ambapo ile sura ilikuwa imekaa sasa hivi, na yeye hakuwahi kujua kama iliishi kwingine popote.

"Sura hiyo naijua. Tulikuwa tumetoka kumzika mama yake. Wifi yangu. Mtoto alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu msiba uanze. Nikamkatia mkate, nikamwambia kula. Akauma, ndipo kilio kikamtoka. Mpaka siku hiyo alikuwa hajalia." Akageukia meza za vijana. "Hicho ndicho mnachokicheka?"

Kijana aliyeinua simu akaishusha. Mwingine akaigeuza kifudifudi. Ukasikika mlio wa friji jikoni.

"Nani alipiga hiyo picha?" baba mkwe akauliza.

Tabasamu akafungua mdomo. Akatazama dari. Hakuna kitu.

Kutoka meza ya ukutani mtu fulani, kwa mazoea tu, akanong'ona, "Linazunguka." Kicheko kidogo kikaanza, kikafa.

"Ulikuwepo msibani," shangazi akasema. Alimkumbuka sasa, ilionekana kwenye kidevu chake. "Ulikaa nyuma ya masufuria. Nikakupa na wewe mkate."

"Shangazi, mimi nilikuwa kijana..."

"Nimeuliza nani alipiga picha," akarudia mzee wa treni, na hakupandisha sauti.

Tabasamu akamgeukia Vioo. Yale macho yalikuwa yanaomba, na Vioo aliyala. Hakuna kitu kitamu alichowahi kukila kama macho yale. Angeweza kusema neno moja, angeweza kuligeuza jambo liwe kicheko, angeweza kusema ni vijana wa jirani. Alikuwa na kipaza sauti. Akakiinua, akasema:

"Wewe ndiye mkalimani."

"Ni mimi," Tabasamu akasema.

"Ukiwa unacheka?" Bibi akauliza. Hakuwa anamshtaki. Alitaka tu kuiona vizuri picha, kama alivyomtaka mbuzi.

"...Nikiwa nacheka, Bibi."

Bibi akatikisa kichwa. Akashusha mkono, akagonga glasi yake mara moja.

"Sasa nimeelewa."

Hakuna mwingine aliyegonga. Baba mkwe alikilaza kijiko chake kando ya sahani, akakisukuma mbali kwa kidole.

Vioo alikuwa ameisubiri dakika hii na akadhani itakuwa kama kupasua kioo kikubwa. Haikuwa na mlio hata kidogo. Lakini ilikuwa tamu, asikudanganye mtu. Aliisikia ikishuka kooni, ikifika tumboni, ikitulia. Alimtazama Tabasamu amekaa, suti imemkaa kama ya kukodi, tabasamu limebaki usoni kwa sababu hakuna aliyeliambia liondoke.

Bibi harusi akainuka, akaizunguka meza ya juu na gauni lake zito, akasimama mbele ya mpambe.

"Uliniahidi Bibi atacheka," akasema chini chini.

"Amecheka. Mara mbili."

"Na mimi? Mimi hiyo stika nimeituma mara nyingi. Hata kwako niliwahi kuituma. Nikichelewa kusahihisha mitihani, namtumia huyu mtu analia. Kwa nini usiniambie mimi?"

"Ningekwambia, ungeuliza nyumbani. Angekupa jibu zuri. Ana majibu mazuri sana, shemeji. Nilitaka aulizwe mahali ambapo jibu zuri halitoshi."

Mwalimu akamtazama kama anavyotazama hesabu aliyoifanya mtoto kwa njia mbaya na jibu likatoka sahihi. Kisha akageuka, akarudi kwenye kiti chake. Akakisogeza kabla ya kukaa. Hakukisogeza mbali sana, lakini ukumbi wote ulikisikia kikikwaruza sakafu.

Mshereheshaji, maskini, alikuwa na ratiba mkononi na jasho shingoni. Kwenye ratiba hotuba ya mpambe hufungwa kwa kuinua glasi, na bila glasi kuinuliwa wahudumu hawawezi kuleta keki wala wapiga muziki hawajui waanze wapi. Akachukua kipaza sauti cha akiba.

"Ndugu zangu... mambo ya familia yana wenyewe. Naomba wote tusimame, glasi mkononi. Mpambe wetu atatamka, sisi tutaitikia, tunywe."

Viti vikasogea. Wakasimama vijana, wakasimama wazee, Bibi akainuliwa na mwanawe. Tabasamu naye akasimama, akaishika glasi yake kwa mikono miwili. Alimtazama Vioo, na mara hii hakuwa anaomba asamehewe; alikuwa anaomba kitu kidogo zaidi, yale maneno ya kawaida tu, yale yanayosemwa kwenye kila harusi na hayamgharimu mtu.

Vioo akajaza glasi yake maji ya matunda mpaka juu. Alifikiri kuondoka na kuwaacha wamesimama hivyo, mikono juu, mpaka ichoke. Alifikiri kweli. Kisha akamwona mwalimu ameinua glasi yake peke yake, imara, haitetemeki, anasubiri atendewe haki kama mtu mwingine yeyote mule ndani.

Akaiinua ya kwake.

"Kwa bibi harusi," akasema.

Watu wakasubiri nusu ya pili. Walisubiri kwa muda ambao mtu anaweza kuvuta pumzi na kuitoa. Vioo akaipeleka glasi mdomoni.

"Kwa bibi harusi!" baba mkwe akanguruma, na ukumbi mzima ukamfuata: "Kwa bibi harusi!"

Wakanywa. Tabasamu alibaki na glasi yake usawa wa kifua, akitazama kulia na kushoto, hajui kama naye amo kwenye hiyo glasi au hamo, na hakuwepo mtu wa kumfafanulia. Vioo akainywa yake mpaka chini, akaiweka mezani taratibu isigonge, akaenda kumshika shangazi yake mkono wakatafute pa kukaa.